Ukurasa Mmoja wa Tauhidi: Kujiandaa kwa Mtihani wa Mdomo



Wasomaji wetu watukufu, na hasa akina mama mnaofungua vitabu usiku baada ya watoto kulala, leo napenda tuzungumze juu ya mtihani wa mdomo katika somo la tauhidi. Katika mtihani wa kuandika mtu hupata nafasi ya kufuta na kuanza upya. Katika ule wa mdomo nafasi hiyo haipo. Mwalimu huuliza, mwanafunzi hujibu, kisha mwalimu hulishika neno moja katika jibu lile lile akaliuliza. Kwa hiyo aangukaye mara nyingi haanguki katika swali la kwanza. Huanguka katika la pili, lile lililozaliwa na maneno yake mwenyewe.

Haya yalimpata binti wa dada yangu, aliye Kangundo, katika kaunti ya Machakos, ambako dada yangu aliolewa miaka mingi iliyopita. Yeye ni mama wa watoto watatu, na kwa muda mrefu amekuwa akiwasomesha wasichana katika chumba kilicho ubavuni mwa msikiti. Ikafika siku wazee wa kamati wakataka kila mwalimu awe na cheti. Akajiandikisha katika chuo kimoja cha wanawake, akafaulu masomo yote ya kuandika, lakini mtihani wa mdomo wa tauhidi ukamrudisha. Si kwamba hakusoma. Matini alikuwa ameihifadhi yote. Alipoulizwa dalili ya upweke wa Mwenyezi Mungu aliisoma kwa Kiarabu kilichonyooka, bila kukwama. Kisha mmoja wa waliomtahini akamuuliza kwa upole, "Na kama miungu hao wawili wangekubaliana?" Akanyamaza, na hakuweza kuendelea.

Alipewa miezi mitatu arudi tena. Asingefaulu, darasa la wasichana lingefungwa, kwani hapakuwa na mwanamke mwingine pale wa kulishika, na wazazi wengi hawakuwa radhi kuwapeleka mabinti waliokwisha baleghe kwa mwalimu mwanamume. Nilikwenda nikakaa kwao siku nne. Tuliyoyafanya siku hizo ndiyo ninayotaka kuyaeleza, maana wengi wenu mtapita njia hiyo hiyo, nyinyi au watoto wenu.

Kitabu chake kilikuwa Ummul-Barahin cha Imamu Muhammad bin Yusuf As-Sanusi wa Tilimsani, mji ulioko Aljeria ya leo, aliyefariki mwaka 895 wa Hijra, yaani 1490 Miladia. Nami nilikisoma nikiwa kijana. Kitabu hiki chenyewe ni funzo katika kufupisha. Imamu aliandika itikadi kubwa, kisha ya kati, kisha hii ndogo, na baada yake akaandika iliyo ndogo zaidi. Na mwishoni mwa hii ndogo anaonyesha kwamba yote aliyoyataja yamo ndani ya kalima ya shahada: kwamba Mwenyezi Mungu hakihitajii chochote, na kila kisichokuwa Yeye kinamhitajia Yeye. Mwenye kufahamu alivyofanya Imamu atajua kwamba kufupisha si kukata maneno yakapungua. Ni kutafuta neno linaloyabeba mengine, ili ukiulizwa uweze kuyatoa tena.

Tulichagua fungu moja tu, lile la upweke, wahdaniya. Maelezo yake katika daftari lake yalijaa kurasa kumi na mbili. Muhtasari wake wa zamani ulikuwa umeandikwa pembeni kwa wino mwekundu, nao ulikuwa hivi: "Wahdaniya. Sifa ya salbiya. Dhati, sifa, vitendo. Dalili: tamanui." Nikamwambia, "Mwanangu, haya ni majina ya milango. Ndani ya nyumba bado hujaingia." Muhtasari wa namna hiyo unamfaa mtu anayejua kila kitu tayari. Mbele ya mtahini hausaidii, kwa sababu hauna sentensi hata moja iliyokamilika, na zaidi ya hapo hauna neno "kwa sababu". Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya muhtasari mbovu: ukiusoma na usikute "kwa sababu" popote, jua umebeba madai na umeacha dalili. Na katika elimu hii dalili ndiyo inayotahiniwa.

Basi tukaanza upya. Nilimtaka asome kurasa zile kumi na mbili mara moja bila kushika kalamu, kisha afunge daftari na aniambie kwa Kiswahili, kwa maneno yake, kitabu kinadai nini, kinakanusha nini, na kinathibitisha kwa njia gani. Alichokisema ndicho kilichoandikwa, wala hatukunakili kutoka kitabuni. Istilahi za Kiarabu tuliziongeza baadaye, kila moja mahali pake. Mwisho wa siku ya kwanza tulikuwa na nukta nne kwenye ukurasa mmoja, na kila nukta ilikuwa ni sentensi ambayo mtu anaweza kuitamka bila kuvuta pumzi mara mbili.

Nukta ya kwanza: Wahdaniya ni sifa inayomkanushia Mwenyezi Mungu wingi, Yeye hana viungo wala mwenzi katika dhati yake, hana wa kufanana naye katika sifa zake, na hapana mwingine mwenye kuumba kitendo chochote.

Nukta ya pili: Lau wangekuwa wawili, ingewezekana mmoja atake mwili fulani utembee na mwingine atake utulie, na kila tokeo la jambo hilo ni muhali au huonyesha kutoweza kwa mmoja wao au wote wawili, na asiyeweza hawi Mungu.

Nukta ya tatu: Qurani imeiashiria hoja hii katika Suratul Anbiyaa, aya ya 22, na Suratul Muuminun, aya ya 91.

Nukta ya nne: Kwa kuwa hapana muumba mwingine, visababu kama moto na maji haviathiri kwa nguvu zake, Mwenyezi Mungu ndiye anayeumba athari pale visababu vinapokuwapo, kwa desturi aliyoiweka.

Baada ya hapo tukaja kwenye kazi ya siku ya pili na ya tatu, nayo ni kuyatafuta maswali ya kufuatia. Watu hudhani maswali haya hutoka kichwani mwa mtahini na kwamba hayawezi kujulikana kabla. Mengi yake yamo kitabuni. Wanavyuoni wetu wa itikadi walikuwa na mtindo wa kuandika: fa in qila, yaani "ikiulizwa", au fa in qulta, "ukisema", kisha wakaleta jibu lao. Kila penye maneno hayo pana swali ambalo waliotutangulia waliliulizwa wakalijibu, na mtahini naye alilisoma alipokuwa mwanafunzi. Nilimwambia apitie sherehe ya kitabu akizitia alama sehemu hizo tu. Katika fungu lake alizikuta sita, na ya pili ilikuwa ni ile ile iliyomnyamazisha: ukisema, kwa nini wasikubaliane?

Njia nyingine ni kulichukua kila neno zito katika nukta na kulipigia maswali matatu: maana yake ni nini, dalili yake ni nini, na vipi basi kuhusu jambo linaloonekana kulipinga. Chukueni nukta ya kwanza. Neno "sifa inayokanusha" linazaa swali la maana: kwa nini wahdaniya imewekwa katika fungu hilo? Jibu ni kwamba neno hili halitujulishi kitu kilichozidi juu ya dhati, bali linaondoa jambo lisilomstahiki Mola, nalo ni wingi. Katika sifa ishirini za wajibu, moja huitwa nafsiya, nayo ni kuwapo. Tano ni za kukanusha, na hii ni ya tano yake. Saba ni za maani, kama uwezo na elimu. Na saba ni za maanawiya. Kisha linazaliwa swali la upinzani: umekanusha wingi katika sifa, nawe hapo hapo umetaja sifa ishirini, vipi basi? Jibu: kilichokanushwa ni kuwa na sifa mbili za jinsi moja, mathalani nguvu mbili au elimu mbili, na kuwa kiumbe na sifa mfano wa sifa yake. Sifa zilizo tofauti hazikukanushwa.

Sasa tuiangalie nukta ya pili, ambapo ndipo alipokwama. Nilimtaka aitembee polepole. Mmoja anataka mwili utembee, mwingine anataka utulie. Matokeo ni matatu tu. Yakitimia matakwa yote mawili, mwili utakuwa unatembea na umetulia kwa wakati mmoja, na hilo ni muhali. Yasipotimia yote mawili, wote wawili hawakuweza, na mwili haukutembea wala haukutulia, na hilo pia ni muhali. Likitimia la mmoja, aliyeshindwa si Mungu. Na kwa kuwa tulikadiria kuwa wao ni sawa, kinachompasa mmoja kinampasa na mwenzake. Hii ndiyo tamanui, kuzuiana.

Ndipo linapokuja swali lile: na wakikubaliana? Jibu lake lina ngazi mbili. Ya kwanza ni kwamba hoja haihitaji wagombane kwa kweli. Yatosha kwamba kugombana kunawezekana. Mkisema hakuwezekani kabisa, basi kila mmoja amefungwa asiweze kutaka kinyume cha mwenzake, na aliyefungwa ametenzwa nguvu. Ya pili ni kwamba hata makubaliano yenyewe hayaepuki tatizo. Wakikiumba kitu kimoja wote wawili, kila mmoja kwa ukamilifu, basi kitu kimoja kimepatikana mara mbili, na hilo haliingii akilini. Wakisaidiana, kila mmoja anamhitajia mwenzake. Wakigawana, huyu mbingu na yule ardhi, kila mmoja amezuiwa asifikie fungu la mwingine. Kila upande utakaokwenda utakuta kutoweza au kuhitajia.

Aliposikia hivyo alisema, "Mjomba, kumbe matini ilikuwa imeyasema yote haya kwa neno moja!" Ni kweli. Imamu hakueleza kuzuiana kwa urefu katika matini. Alisema kwa ufupi kwamba lau asingekuwa mmoja, chochote katika ulimwengu kisingekuwapo, kwa ajili ya kutoweza. Neno hilo "kutoweza" ndilo lililobeba mzigo. Aliyehifadhi sentensi bila kujua ni neno gani limeibeba hawezi kuifungua inapogongwa.

Hapo hapo nikamwongezea swali la dalili: na kwa nini Mungu asiwe asiyeweza? Jibu lake halimo katika fungu hili. Liko nyuma, kwenye sifa ya uwezo: asiyeweza hawezi kuumba, na ulimwengu huu tunauona umeumbwa. Ndiyo maana chini ya ukurasa tuliacha mistari miwili tukaiita "yaliyotangulia", tukaandika humo mambo ambayo fungu hili linayategemea bila kuyathibitisha. Watahini hupenda sana kurudi nyuma hatua moja, nao wakirudi hatua hiyo, mwanafunzi aliyejifunza fungu moja peke yake huyumba.

Katika nukta ya tatu tuliweka swali moja gumu, tukakubaliana jibu lake liwe fupi. Aya ya Suratul Anbiyaa inataja kuharibika kwa mbingu na ardhi, ilhali kitabu kinataja kutokuwapo kwake. Je, ni kitu kimoja? Wanavyuoni walilizungumza. Imamu Taftazani, aliyefariki mwaka 1390, aliona kuwa hoja kwa dhahiri ya aya ni ya kukinaisha nyoyo, na wapo waliompinga kwa ukali wakisema ni hoja ya kukata. Mwanafunzi wa daraja yake yamtosha kujua kwamba hitilafu ipo, iko wapi, na kwamba pande zote mbili hazihitilafiani juu ya upweke wenyewe. Akijitia kuamua baina ya maimamu ataulizwa swali la tatu na la nne, naye hana vitabu vya kumfikisha huko. Mipaka ya jibu nayo huandikwa kwenye ukurasa.

Usiku wa siku ya tatu tulimweka mama yake mbele, akawa ndiye mtahini. Dada yangu hakusoma itikadi vitabuni, lakini ana mikahawa yake, na akili yake ni kali. Aliyasikiliza ya nukta ya nne mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, sisi hapa Kangundo mvua ikinyesha baada ya kiangazi, kama siku kumi hivi kahawa inachanua. Wasema mvua haina kazi?"

Swali hilo lilitufaa kuliko yote tuliyoyatoa vitabuni. Binti alianza kujibu, akasema "yaani", akasimama, akasema tena "yaani". Hiyo ni alama nyingine: mtu akianza sentensi mara mbili kwa neno hilo, nukta yake haijawa sentensi bado. Tukaiunda upya hivi. Mvua na maua vinafuatana kwa desturi ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka, na mkulima anafanya vyema kuitegemea desturi hiyo, apalilie na apogoe kwa wakati wake. Lakini kufuatana si kuumba. Mwenye kusema mvua inachanua maua kwa tabia yake yenyewe amekifanya kitu kijitosheleze na Mola wake. Mwenye kusema Mwenyezi Mungu ametia nguvu ndani ya mvua, kisha nguvu hiyo ndiyo inayochanua, naye amekosea kwa kauli ya Imamu, kwa kuwa amemfanya Muumba ahitajie chombo cha kati ili kitendo kipatikane. Na mwenye kusema kufuatana huku ni lazima ya akili, kusikovunjika abadani, atashindwa kuieleza miujiza, kama moto uliokuwa baridi kwa Nabii Ibrahim, alayhis-salaam.

Dada yangu akasema, "Hilo la kuvunjika nalijua. Iko miaka mvua imekuja na maua hayakushika." Nikamwambia binti auandike mfano huo, lakini atie na mpaka wake. Maua yasiposhika, mtaalamu wa kilimo atataja ukungu au jua kali, naye amesema kweli katika desturi. Mfano huo unamsaidia msikilizaji kuona kwamba kufuatana kunaweza kukatika. Hauthibitishi peke yake kwamba mvua haiathiri. Kila mfano katika tauhidi una mahali unapoishia, na mtahini mzuri atakuuliza hapo hapo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwapa wanafunzi mfano wa madereva wawili wa gari moja ili kueleza kuzuiana. Unafahamisha haraka. Lakini madereva wanaweza kupeana zamu kwa kuwa wote ni waja wenye kuhitajia, na hapo mfano umekwisha.

Swali la mwisho tuliloliweka ni lile ambalo kila msichana darasani ataliuliza siku moja: ikiwa Mwenyezi Mungu ndiye muumba wa vitendo vyote, mwizi anaadhibiwa kwa nini? Jibu ni kasbu, yaani kuchuma. Kila mmoja wetu anaijua tofauti baina ya mkono unaotetemeka kwa homa na mkono unaonyanyua kikombe. Vyote viwili vimeumbwa na Mwenyezi Mungu, lakini katika cha pili mja ana hiari na ana uwezo ulioumbwa pamoja na kitendo, ingawa uwezo huo hauumbi. Kwa hiari hiyo ndiyo anaulizwa, na kwa kuikosa hiyo mgonjwa haulizwi juu ya mtetemo wake.

Siku ya nne haikuwa na kuandika. Alifunga karatasi, akazisema nukta zote nne kwa dakika sita, nami nikamkatiza popote nilipotaka. Nilichokuwa nikisikiliza ni jambo moja: je, anajibu nilichouliza, au anairudia nukta? Maswali mawili tofauti yakipata jibu moja, basi mojawapo halikujibiwa. Pale alipopotea nilimfundisha kurudi kwenye ile kalima iliyokusanya yote, kwamba kila kitu kinamhitajia Yeye, kisha aanzie hapo. Na pale asipojua, aseme "hilo sijalisoma" bila kutetereka. Neno hilo ni la kweli, na mbele ya wenye elimu halimwondolei mtu heshima.

Alirudi chuoni kwa wakati wake. Aliniambia kwamba aliulizwa mambo manne. Mawili yalikuwa kwenye ukurasa kama tulivyoyaandika, nalo la makubaliano likiwamo. La tatu lilikuwa, "Je, moto hauunguzi?", akalijibu kwa mvua na mikahawa ya mama yake, na akaeleza mwenyewe mfano unapoishia kabla hajaulizwa. La nne lilihusu kauli ya kundi ambalo hakupata kulisoma, akasema hivyo. Walimpa cheti, na wasichana wa Kangundo wanaendelea na darasa lao. Nasikia siku hizi kila msichana anapomaliza fungu huandika nukta zake kwenye ukurasa mmoja, kisha huketi mbele ya wenzake wakamuuliza.

Wabillahi tawfiq.